Barua ya wazi kwa Wizara ya Afya na TAMISEMI: wapimeni ndugu wa vijana wanaofariki ghafla

Waheshimiwa wa Wizara ya Afya, waheshimiwa wa TAMISEMI, na ninyi mnaosimamia hospitali na zahanati za mkoa wetu wa Dodoma, shikamooni.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka 11 nimefanya kazi kwenye chumba kidogo cha kupimia umeme wa moyo katika hospitali mojawapo ya hapa Dodoma. Nambandika mgonjwa vibandiko kifuani, nafunga vingine mikononi na miguuni, nabonyeza mashine, inatoka karatasi ya waridi yenye visanduku vidogo na mistari inayopanda na kushuka. Kipimo hiki hakina sindano wala dawa, na hakichukui dakika kumi. Ninawaandikia kwa sababu ya karatasi moja niliyoitoa mwezi Machi mwaka juzi, na kwa sababu ya karatasi nyingine nyingi ambazo zingepaswa kutoka lakini hazikutoka.

Siku hiyo mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 24 kutoka upande wa Nkuhungu. Kijana alikuwa na homa ya 39.2, kipimo cha malaria kilikuwa kimesoma chanya, na dawa alishaandikiwa. Kwa utaratibu wetu alikuwa amemaliza, aende nyumbani akapumzike. Mama ndiye aliyegoma kuondoka. Alisimama mlangoni kwangu, akasema mbukwa, nami nikaitika, kisha akaniambia: “Nesi, huyu jana usiku alikakamaa kitandani akakoroma kama anayesongwa, dakika nzima, halafu akaamka hajui kitu. Kaka yake naye alianza hivi hivi. Huyo tumeshamzika.”

Kaka mtu alikuwa fundi wa kuchomelea, miaka 31, mwenye mke na watoto wawili. Hakuwa na kisukari wala presha, hakuwa mtu wa pombe, na mageti aliyoyatengeneza bado yanafunguliwa na kufungwa mitaani kwetu. Mwaka wake wa mwisho mkewe alimsikia mara mbili usiku akikoroma kwa sauti ya ajabu huku mwili umekakamaa. Wakaenda hospitali, wakaambiwa ni kifafa. Akaandikiwa karbamazepini, akaimeza miezi mitano. Hakuna aliyempima umeme wa moyo. Alfajiri moja alikoroma mara ya tatu, na safari hiyo hakuamka. Alifikishwa hospitali akiwa ameshafariki, na kwenye karatasi ya kifo pakaandikwa malaria kali, ingawa hakuna aliyemtoa tone la damu. Kesho yake akazikwa.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Baba mdogo wa marehemu alikuwa ameondoka vivyo hivyo, usingizini, akiwa na miaka 38. Vifo viwili vya wanaume wazima, katika nyumba moja, usiku, bila ugonjwa unaoonekana. Mjane akaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni, kisha akaambiwa waziwazi kwamba yeye ndiye anajua mumewe alikula nini. Alirudi kwao Mpwapwa na watoto wake kabla ya arobaini. Naandika hili kwa uchungu kwa sababu sababu ya kifo cha mumewe ilikuwa inapimika, na tungempa jibu la kweli asingekimbia nyumba yake.

Sasa karatasi. Mashine huandika mistari 12, kila mmoja ukiutazama moyo kutoka upande wake. Mistari inayoitwa V1 na V2 hutoka kwenye vibandiko viwili vinavyokaa kulia na kushoto kwa mfupa wa kidari, navyo ndivyo vinavyouchungulia upande wa kulia wa moyo kwa karibu zaidi. Kwa mtu wa kawaida, baada ya mchomo mkali wa pigo, mstari hurudi chini kwenye usawa wake, unatulia kidogo, kisha unatoa wimbi dogo. Kwa kijana huyu mstari haukurudi. Ulibaki juu visanduku vitatu vidogo, yaani milimita tatu, ukaanza kuteremka kwa mgongo uliobinuka kama mtu anayeshuka kilima, ukapita usawa wake na kuzama chini katika wimbi lililopinduka. Mtu anayelijua umbo hili akiliona mara moja halisahau. Linaitwa Brugada, kwa jina la ndugu wawili madaktari wa moyo, Pedro na Josep Brugada, walioandika mwaka 1992 habari za wagonjwa wanane waliokuwa na umbo hilo na ambao mioyo yao, ukiitazama kwa macho, haikuwa na kasoro. Ili umbo lihesabiwe, mwinuko uwe walau milimita mbili, na uteremke namna hiyo hadi kwenye wimbi lililopinduka.

Kasoro iko kwenye milango midogo iliyo kwenye ngozi ya kila chembe ya msuli wa moyo, milango inayoingiza chumvi ya sodiamu ili chembe iwake na kujikunja. Jeni inayotajwa sana kwa kutengeneza milango hiyo ni SCN5A. Ikiwa na hitilafu, sodiamu inayoingia ni pungufu, na upungufu huo huonekana zaidi sehemu ya juu ya ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha moyo upande huo, pale damu inapotokea kwenda mapafuni. Umeme hupita pale kwa kusuasua. Siku moja unaweza kuanza kuzunguka wenyewe, ventrikali zikaacha kupiga na kubaki zinatetemeka. Moyo unaotetemeka hausukumi damu, na ndani ya sekunde chache mtu hupoteza fahamu. Mkoromo ule ambao mama na mjane wote wawili waliusikia ni pumzi za mwili ambao ubongo wake umekatiwa damu. Mara nyingine moyo hujirudi wenyewe, mtu akaamka na kuambiwa ana kifafa. Mara nyingine haujirudi. Hutokea zaidi mtu akiwa amepumzika au amelala, kwa wanaume mara nyingi kuliko wanawake, na mara nyingi katika umri wa kulea familia, karibu na miaka 40.

Homa huizidishia milango hiyo udhaifu. Ndiyo maana umbo lilijitokeza wazi siku ile ya 39.2. Na ndiyo maana nilipomrudia siku ya nne, homa imeshashuka, nikambandika vibandiko vilevile mahali palepale, mashine ilitoa karatasi safi na juu yake ikajiandikia Normal ECG.

Hapa nakiri jambo. Kama ningempima siku ya nne tu, ningemwambia mama aende na amani. Na ninajua kwamba katika miaka hii 11 wapo niliowaambia hivyo.

Nilichofanya ni kitu nilichofundishwa na daktari mmoja aliyepita kwetu kwa muda mfupi. Kwa kawaida V1 na V2 hukaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu. Ile sehemu dhaifu ya ventrikali kwa watu wengi iko juu ya hapo. Unapeleka kidole kutoka kwenye shimo la chini ya koo, unashuka juu ya mfupa wa kidari mpaka ukutane na kituta kidogo. Ubavu unaoungana na kituta hicho ni wa pili, na nafasi iliyo chini yake ni nafasi ya pili. Nikavihamishia vibandiko viwili pale, nikabonyeza. Umbo lilelile likarudi, bila homa. Mwenye mashine ya kawaida kabisa anaweza kufanya hivi, hakuna cha kununua. Ni lazima tu aandike kwa kalamu juu ya karatasi kwamba V1 na V2 vimepandishwa, maana asipoandika, msomaji atachanganyikiwa.

Tuliwaita wa nyumba ile waje wote. Ugonjwa huu hurithiwa kwa namna ambayo kila mtoto wa mwenye nao ana nafasi moja kati ya mbili ya kuuchukua, awe wa kiume au wa kike. Baba yao, mzee wa miaka 61 ambaye hajawahi kuzimia hata siku moja, alikuwa na umbo lilelile vibandiko vilipopanda nafasi ya pili. Alitazama karatasi yake kwa muda mrefu, akauliza: “Kwa hiyo imetoka kwangu?” Sikuwa na jibu la kumfariji, nikamwambia ukweli, kwamba imetoka kwa wazee waliomzaa na kwamba hakuna aliyeichagua. Ndivyo ulivyo: mmoja anauishi mpaka uzee, ndugu yake unamchukua akiwa na miaka 38. Shangazi wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa mkali zaidi kwa mjane, alikaa kwenye benchi akilia.

Dada yao wa miaka 28 alitoa karatasi safi, vibandiko vikiwa nafasi ya nne na hata vilipopandishwa. Hatukumwambia amepona wala hana. Karatasi safi ya siku moja haimwondoi mtu kwenye orodha. Kipo kipimo cha kuchomwa dawa kama ajmalini au flekainidi ili umbo lijitokeze, lakini hufanywa tu mahali ambapo mashine ya kuushtua moyo iko kando ya kitanda na watu wanaoijua wapo, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuuchokoza moyo wenyewe. Kipimo cha jeni nacho hupata hitilafu ya SCN5A kwa takribani familia moja kati ya nne au tano tu. Nyingine zote zinabaki bila jibu la jeni ingawa ugonjwa upo. Kwa hiyo dada tulimwomba kitu kimoja: yeye na watoto wake, homa ikipanda, meza parasetamo mapema, usisubiri, kisha njoo upimwe ukiwa bado na joto.

Narudi kwenye karbamazepini ya marehemu. Siwezi kusema ndiyo iliyomuua, na sitasema. Ninachojua ni kwamba dawa hiyo, pamoja na fenitoini, hubana milango ileile ya sodiamu, nazo ziko kwenye orodha ya dawa ambazo wataalamu wa Brugada wanashauri mwenye ugonjwa aziepuke inapowezekana. Ziko nyingine tunazozitoa kila siku: amitriptilini kwa wasiopata usingizi na wenye maumivu ya mishipa, na bupivakaini inayochomwa mgongoni wakati wa upasuaji. Kwa mtu asiye na hitilafu ni dawa nzuri, na wengi zinawaokoa. Kwa hiyo sisemi ziondolewe. Nasema kijana anayekakamaa usiku usingizini, hasa mwenye ndugu aliyefariki ghafla, asiandikiwe dawa ya kifafa kabla hajapimwa umeme wa moyo. Hilo peke yake lingeandikwa kwenye mwongozo wa matibabu ya kifafa kwa zahanati, sentensi moja, ningeshukuru.

Kabla sijaenda mbali niutaje ugonjwa wa pili, kwa sababu watu huuchanganya na huu, na kwa sababu unawaua vijana mahali pengine kabisa. Mwaka jana kijana wa miaka 19 kutoka upande wa Chamwino alianguka uwanjani jioni, dakika za mwisho za mechi ya mtaa, mpira ukiwa mbali naye. Walimwagia maji, wakamvua viatu, wakatafuta gari. Hakuna aliyemkandamiza kifua. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amelalamika hospitali kwamba akikimbia sana moyo unaruka na macho yanaingia giza, akaambiwa anywe maji ya kutosha.

Alipofariki, familia ilikubali uchunguzi wa mwili, jambo ambalo kwetu ni adimu. Ukuta wa ventrikali ya kulia ulikutwa mwembamba, sehemu kubwa ya msuli imekuwa mafuta na makovu. Huu ni ugonjwa wa kurithi wa msuli wa ventrikali ya kulia. Chembe za msuli wa moyo hushikana kwa vifungo maalumu, na jeni zinazotengeneza vifungo hivyo zikiwa na hitilafu, mojawapo ikiwa PKP2, chembe huachana kila moyo unapovutwa kwa nguvu. Ventrikali ya kulia ina ukuta mwembamba kuliko ya kushoto, na mtu anapokimbia kwa bidii ndiyo inayotanuka sana. Chembe zikifa, mwili huziba kwa mafuta na kovu, na umeme unapofika kwenye kovu hukwama na kuzunguka. Kwa hiyo mazoezi makali hayawi tu saa ya kufa. Yanaukuza ugonjwa wenyewe mwaka hadi mwaka. Antonio Puerta, mchezaji wa Sevilla aliyeanguka uwanjani Agosti 2007 na kufariki siku tatu baadaye, alikuwa na ugonjwa huu. Yeye dunia nzima ilimwona. Wa Chamwino walimwona waliokuwa kwenye nyasi zile tu.

Ndiyo maana kwa huyu wa pili ushauri ni kuacha michezo ya ushindani, na hata ndugu aliyerithi jeni bila kuugua hushauriwa hivyo. Kwa Brugada, hatari kubwa iko kitandani na kwenye homa. Na baada ya kifo tofauti ni kubwa zaidi: Brugada haiachi alama ambayo mpasuaji ataiona, ilhali huu unaacha, ila lazima moyo ufunguliwe na vipande vipelekwe kwenye hadubini. Mafuta peke yake hayatoshi kutoa hukumu, kwa sababu hata moyo mzima wa mtu mnene huwa na mafuta upande ule. Kinachotafutwa ni kovu lililokula msuli pamoja na hayo mafuta.

Kwa walio hai kuna mtego ambao lazima niutaje, la sivyo barua hii itazua hofu isiyo na maana. Ugonjwa huu hupindua wimbi la mwisho kwenye V1, V2 na V3. Lakini mawimbi hayo huwa yamepinduka kwa watoto wengi wazima wa afya, na kwa vijana weusi wanaofanya mazoezi sana hupinduka mpaka V4 bila ugonjwa wowote, mara nyingi mstari ukiwa umeinuka kama kuba kabla ya kupinduka. Nimeona vijana wazima wakizuiwa kucheza kwa sababu ya karatasi kama hizo. Nimeona pia karatasi ya kijana wa Chamwino, iliyochukuliwa alipolalamika, ambayo mstari wake haukuwa na kuba, ulikuwa bapa halafu unazama, na mapigo ya ziada mawili yalikuwa yameonekana ndani ya sekunde kumi. Ilisomwa kuwa ni ya kawaida kwa Mwafrika. Karatasi peke yake isingetosha kumhukumu. Lakini pamoja na giza machoni wakati wa kukimbia, ilitosha kumsimamisha mpira na kumpeleka kwa mtaalamu akapigwe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, akavalishwe mashine ya kurekodi mapigo saa 24, na akapigwe MRI ya moyo. Mapigo ya ziada zaidi ya 500 kwa siku moja, katika mtu kama huyo, ni ushahidi unaohesabiwa.

Kwa sababu ya mtego huo siwaombi mpime kila kijana wa Tanzania. Italia tangu mwaka 1982 sheria inadai kila mwanamichezo wa ushindani apimwe, kipimo cha umeme wa moyo kikiwemo, na katika jimbo la Veneto, ambako ugonjwa huu wa pili umechunguzwa sana, vifo vya ghafla vya wanamichezo vilipungua mno miaka iliyofuata. Lakini kule wana wasomaji wa karatasi hizo kila mji. Sisi tungejaza vyumba kwa vijana wazima wenye mawimbi yaliyopinduka, na wenye ugonjwa wangepotea katikati yao.

Ninachoomba ni kidogo na kina mahali pa kuanzia: nyumba ambayo kijana amefariki ghafla.

Kwanza, karatasi ya kifo isidanganye. Kijana wa chini ya miaka 40 aliyefika amekufa, bila ajali, bila ugonjwa uliopimwa, asiandikiwe malaria wala presha. Paandikwe kifo cha ghafla ambacho sababu yake haijajulikana. Najua kwa nini tunaandika malaria. Familia inataka mwili, jua linazama, gari la kwenda kijijini linasubiri, na maneno “haijajulikana” huleta maswali ambayo hakuna mtu wa kuyajibu. Lakini neno malaria linafunga faili. Nyumba ile ya Nkuhungu, faili lilipofungwa kwa baba mdogo, halikufunguka hata wa pili alipokufa.

Pili, familia iombwe uchunguzi wa mwili kwa lugha ya kibinadamu, na ikikataa, iheshimiwe. Ninapoongea na ndugu nawaambia kwamba hatumtafuti aliyemuua marehemu, tunawalinda watoto waliobaki, na nimeona wazee wakikubali kwa neno hilo. Hata wakikataa upasuaji, waombwe ruhusa ya mililita chache za damu ya marehemu, ziwekwe kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau na kutunzwa kwenye baridi. Siku kipimo cha jeni kitakapopatikana kwa familia hiyo, marehemu ndiye shahidi bora kuliko wote, kwa kuwa yeye hakuna shaka kwamba aliugua.

Tatu, wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja wapimwe umeme wa moyo bila malipo, V1 na V2 katika nafasi ya nne, kisha tena nafasi za juu. Mwenye historia ya kuzimia apigwe eko pia. Karatasi zisizoeleweka zipigwe picha na kutumwa kwa wataalamu. Tunayo Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa Dodoma, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Simu kila muuguzi anayo. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa jukumu la kupokea picha hizo na kujibu siku hiyohiyo.

Nne, matibabu. Aliyepona moyo uliosimama, au mwenye umbo la Brugada aliyezimia kama kijana wetu, huwekewa chini ya ngozi kifaa kidogo kinachousikiliza moyo na kuushtua ukianza kutetemeka. Hakuna kidonge kinachofikia uhakika wake. Familia ya Nkuhungu iliuza shamba la zabibu na ng'ombe wanne, ikachangisha kanisani na kazini kwa kaka, na ikachukua miezi saba mpaka kifaa kikawekwa. Miezi saba mama alilala chumba kimoja na mwanawe wa miaka 24, taa ikiwaka, akimsikiliza anavyopumua. Kifaa hiki kiingizwe kwenye kitita cha bima ya afya kwa wagonjwa wenye vigezo, ambao si wengi. Na kwa wale wasioweza kuwekewa, ipo dawa ya zamani iitwayo kwinidini ambayo hupunguza mitetemo hiyo. Haipatikani kwa urahisi katika nchi nyingi, na Bohari ya Dawa ingeweza kuagiza kiasi kidogo kwa hospitali za rufaa. Naomba msomaji asiichanganye na kwinini ya malaria. Zinatokana na gome la mti mmoja, lakini moja haichukui nafasi ya nyingine, na mtu asijaribu.

Kuhusu viwanja nitasema maneno machache. Moyo ukianza kutetemeka, kila dakika inayopita bila kushtuliwa hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Gari halifiki kiwanja cha mtaa ndani ya dakika kumi, tunajua. Mikono inafika. Mwalimu wa michezo, mwamuzi na kapteni wakifundishwa kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika bila kusita, wanaununua muda mpaka mashine ifike. Naomba mashindano ya shule na ya wilaya yasianze bila mtu wa namna hiyo uwanjani, na mashindano ya mkoa yasianze bila mashine ya kushtua moyo.

Nimalizie na jambo la chumba changu mwenyewe. Mwezi uliopita yule dada wa miaka 28 alikuja na mwanawe wa kiume wa miaka sita. Mtoto alikuwa na homa ya 38.9. Alifanya kama tulivyomwambia: alimpa parasetamo, akamfunika kanga nyepesi, akachukua bodaboda akaja mbio. Ilikuwa saa mbili usiku. Chumba cha kupimia umeme wa moyo hufungwa saa tisa na nusu alasiri, na ufunguo huondoka na mimi au na mwenzangu. Walisubiri kwenye benchi mpaka asubuhi. Nilipofika na kumbandika vibandiko, mwili ulikuwa umeshapoa, na karatasi ilitoka safi.

Sijui karatasi ya saa mbili usiku ingesema nini. Tangu siku hiyo nimeomba ufunguo uachwe wodi ya dharura na wauguzi wanne wa usiku wafundishwe kuhesabu mbavu. Nimejibiwa kwamba uamuzi huo hauko kwenye ngazi yetu. Ndiyo sababu nimewaandikia ninyi.

Muuguzi, chumba cha kupimia moyo
Dodoma